Usiulize Nani Amekukaba, Uliza Ulilala Saa Ngapi

Kwenye mialo ya Ziwa Victoria kuna swali ambalo huulizwa mapema mno, nalo ni "nani?" Mtu akiamka akasema amekabwa, kwamba alikuwa macho, anakiona chumba, anawasikia watoto wakicheza nje, lakini hawezi kuinua hata kidole na kuna kitu kimemkalia kifuani, wanaomsikiliza huanza papo hapo kumtafuta mhusika. Litatajwa jini la chumba. Atatajwa mpangaji aliyehama. Atatajwa bibi wa nyumba ya pili. Mimi nadhani tungeanza na maswali mepesi zaidi: ulilala saa ngapi, na uliamshwa mara ngapi? Majibu ya hayo mawili hueleza mengi kuliko ramli, na kwa watu wanaoishi kwa dagaa hueleza sehemu kubwa ya jambo lenyewe.

Nichukue kisa cha kijana anayevua dagaa upande wa Igombe, nje kidogo ya jiji la Mwanza, aliyenisimulia yake huku akishona wavu. Wakati wa giza, yaani zile siku ambazo mwezi hausumbui taa, huingia ziwani yapata saa 12 jioni. Taa huwashwa, zamani zilikuwa karabai na siku hizi nyingi ni za betri na sola, zikaachwa zielee, kisha watu wanasubiri dagaa wajikusanye chini ya mwanga. Kusubiri huko ndiko kulala kwao. Anajikunja ndani ya mtumbwi, anapata dakika thelathini au arobaini za usingizi, anaamshwa wavute wavu. Anakaa macho kama saa nzima akivuta, akimwaga, akihamisha taa. Kisha anajikunja tena. Usiku mmoja hivyo hurudiwa mara kadhaa.

Asubuhi saa 1 wako ufukweni. Akina mama wananunua kwa ndoo, tajiri, yaani mwenye mtumbwi, anapiga hesabu, mtu anakunywa chai na kupata vitumbua viwili vitatu. Kijana wetu huwa anafika kitandani saa 4 asubuhi, chumba cha bati, jua limeshapanda. Saa 6 mchana simu inaita: tajiri anauliza betri zimepelekwa kuchajiwa au bado. Anaongea, anatoka, anarudi. Saa 7 mchana analala tena, safari hii chali kwa sababu ya joto, na hapo ndipo alipokuwa akikabwa.

Anasema macho yalikuwa wazi kabisa. Aliliona pazia la mlango, aliiona ndoo ya maji, aliliona koti lake la mpira likining'inia kwenye msumari ukutani. Kisha koti likaota mabega. Likawa mtu, mtu akasogea, akapanda kitandani, akamkalia. Alijaribu kupiga kelele na sauti haikutoka. Na mtu yule alimtambua: alikuwa mama mzazi wa mwenye nyumba.

Ilipojirudia akaenda kwa mganga. Mganga akampa dawa ya kuogea na kumwambia ahame nyumba ile. Akahama. Mwezi ulikuwa umekua, mbalamwezi imeingia, mitumbwi imepandishwa mchangani, na wavuvi wa dagaa wamepumzika kama wanavyopumzika kila mwezi kwa wiki moja hivi au zaidi, maana taa haina nguvu mbele ya mwezi mpevu. Katika chumba kipya alilala usiku kucha kama watu wengine na hakukabwa hata mara moja. Sifa za mganga zikaenea mwaloni. Giza liliporudi, akarudi ziwani, na haikupita wiki akakabwa ndani ya chumba kipya. Ikasemwa kwamba bibi amemfuata.

Ukikitazama kisa hiki kwa jicho la anayejua usingizi unavyofanya kazi, huhitaji bibi. Unahitaji kalenda ya mwezi.

Usingizi wa mwanadamu una sehemu zaidi ya moja. Mtu mzima mwenye afya akilala usiku kwa saa zake za kawaida, huanza na usingizi mwepesi, akazama kwenye usingizi mzito, na baada ya dakika 90 hivi ndipo anaingia katika usingizi wa ndoto. Huo ndio usingizi ambao macho hucheza chini ya kope, kama walivyoeleza Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chicago mwaka 1953. Mzunguko hurudi mara nne au tano hadi asubuhi, na kila ukirudi sehemu ya ndoto hurefuka. Kwa jumla ni kama robo ya usingizi wote.

Katika usingizi huo ubongo unafanya kazi karibu sawa na wa mtu aliye macho, lakini mwili umekatiwa mawasiliano. Kwenye shina la ubongo, sehemu inayouunganisha ubongo na uti wa mgongo, kuna kundi dogo la seli ambalo ndoto ikianza hutoa amri kwenda chini. Amri hiyo hufika kwenye neva zinazoendesha misuli, na kemikali mbili, gaba na glisini, zinazinyamazisha. Ni kama injini ya boti iliyowekwa fri: inanguruma kwa nguvu zake zote, propela haizunguki. Ndiyo maana unaota unakimbia na miguu imetulia chini ya shuka.

Kwamba zuio hili lina faida tunajua kutokana na yanayotokea likiharibika. Michel Jouvet, mtafiti Mfaransa wa Lyon, aliharibu sehemu ndogo ya shina la ubongo wa paka, na paka wale wakawa wanasimama na kurukia mawindo yasiyokuwepo huku wamelala. Mwaka 1986 madaktari wa Marekani wakaeleza jambo hilohilo kwa binadamu: watu, wengi wao wanaume wenye umri mkubwa, wanaopiga ngumi na mateke kitandani kwa kufuata ndoto zao, na wake zao wakiumia. Kwa hiyo kupooza kwenyewe si ugonjwa. Wewe, mimi na kila anayesoma hapa tunapooza kila tunapoota. Tofauti ni kwamba kwa kawaida hatupo pale kushuhudia.

Kukabwa ni kushuhudia. Fahamu imeamka, au haijalala bado, na lile zuio liko palepale. Na hapa ndipo ratiba ya mvuvi inapokuwa muhimu, kwa sababu katika usingizi wa kawaida mambo hayo mawili hukutana kwa nadra. Unapoanza kulala huingii kwenye ndoto moja kwa moja. Zinapita dakika nyingi za usingizi mzito katikati, na fahamu inakuwa imeshazimika kabla zuio halijawekwa. Ili ukabwe wakati unasinzia, lazima usingizi wa ndoto uruke foleni, uje dakika ya kwanza, kabla hujaondoka.

Je, unaweza kuufanya uruke foleni? Mwaka 1992 kundi la watafiti wa Kijapani, Tomoka Takeuchi na wenzake, lilichapisha jaribio ambalo mimi naliona zuri kuliko yote katika uwanja huu, kwa sababu hawakungoja kukabwa kuje. Walikutengeneza. Walichukua vijana wenye afya ambao waliwahi kukabwa huko nyuma, wakawalaza maabara wakiwa na nyaya kichwani, wakawaamsha katikati ya usiku, wakawaweka macho kwa muda wa saa moja, kisha wakawaruhusu walale tena. Hesabu ya kuwaamsha ilipangwa ili usingizi wa ndoto uje mara tu wanapofumba macho. Ukaja, na vipindi sita vya kukabwa vikanaswa kwenye vipimo, karibu vyote pale usingizi ulipoanzia moja kwa moja kwenye ndoto. Ndani ya vyumba vile hapakuwa na mganga wala hasidi. Palikuwa na saa ya ukutani na mtu wa kuamsha.

Sasa mrudie kijana wetu ndani ya mtumbwi. Analala kidogo, anaamshwa, anakaa macho saa nzima, analala tena. Bila kujua, tajiri wake anamfanyia jaribio la Wajapani kila usiku wa giza, na mchana simu yake inalikamilisha.

Kuna jambo la pili linaloongeza uzito. Usingizi wa ndoto hauji sawasawa saa zote 24. Mwili una saa yake ya ndani, na kwa watu wengi saa hiyo hufungua mlango wa ndoto zaidi alfajiri na asubuhi, muda mfupi baada ya joto la mwili kushuka kufikia kiwango chake cha chini kabisa. Anayelala saa 4 usiku anaufikia muda huo akiwa ameshamaliza sehemu kubwa ya usingizi mzito. Anayepanda kitandani asubuhi baada ya kukesha analala wakati mlango uko wazi. Ongeza na deni: mtu aliyenyimwa usingizi wa ndoto kwa siku kadhaa, akipata nafasi, ubongo hulipiza kwa kuuleta mapema na kwa wingi. Pombe kali nayo inaingia hapa, kwa kuwa huubana usingizi wa ndoto mwanzoni na kuuachia kwa kishindo ikishayeyuka mwilini. Wanaokunywa ili "walale vizuri" baada ya kuvua wanafanya kinyume.

Kwa hiyo mbalamwezi ndiyo iliyomponya. Kwa siku hizo alilala usiku, kwa mkupuo mmoja, na mganga akapewa asante ya mwezi.

Nimekaa sana kwenye saa kwa sababu ndizo watu hawaziulizi. Lakini najua msomaji aliyewahi kukabwa ananisubiri mahali pengine: sawa, mwili umezuiwa, lakini yule aliyenikalia kifuani ni nani?

Kwanza kifua. Zuio la ndoto linaziacha wazi sehemu chache, na mbili ni muhimu hapa: misuli inayozungusha macho, na kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo na kuvuta hewa ndani. Ndiyo maana anayekabwa anaweza kutazama huku na huku, na ndiyo maana hafi. Hewa inaingia. Lakini misuli ya katikati ya mbavu na ile ya shingo, inayosaidia ukitaka kuvuta pumzi kubwa kwa makusudi, imelegezwa pamoja na mingine. Mtu anaposhtuka hutaka kuvuta pumzi kubwa. Anaiagiza, haiji. Pumzi inaendelea kwa mwendo wa usingizi, fupi na isiyo sawasawa, na yeye anaitafsiri kwa njia pekee inayoingia akilini: kuna uzito juu yangu. Akilala chali hisia hiyo inazidi, na tafiti zimeonyesha kwamba waliolala chali hukabwa zaidi ya waliolala ubavu.

Pili mtu mwenyewe. Wakati wa usingizi wa ndoto, sehemu za ubongo zinazoshughulika na hofu, ikiwemo ile iitwayo amigdala, zinakuwa zimewaka. Katika ndoto ya kawaida hofu hiyo hupata hadithi yake. Katika kukabwa inamkuta mtu yuko macho, chumbani kwake, hawezi kukimbia, na king'ora kinalia bila sababu inayoonekana. Ubongo hautulii na king'ora kisicho na sababu. Unatafuta mvamizi, na ndoto ambayo bado inatiririka inampa umbo, ikitumia kilichopo: pazia, kivuli, koti la mpira kwenye msumari. Al Cheyne wa Kanada, aliyekusanya simulizi nyingi sana za watu waliokabwa, alikuta zinajipanga katika makundi yaleyale: kuna wanaohisi mtu yumo chumbani, kuna wanaokandamizwa kifuani, na kuna wanaohisi wanaelea au wanautoka mwili. Sura hubadilika kwa nchi. Mifupa ya simulizi haibadiliki.

Sura hiyo inatoka wapi, basi? Inatoka kwenye kumbukumbu ya anayekabwa, kama sura yoyote ya ndotoni. Kijana wetu aligombana na yule bibi kuhusu maji ya kisima wiki chache kabla, jambo alilolitaja mwenyewe kwa kupita tu. Hapa ndipo naacha kuwa mpole. Kumtambua mtu wakati umekabwa si ushahidi wa chochote kumhusu mtu huyo, kama ambavyo kuota jirani amekuibia kuku hakumfanyi mwizi. Tofauti pekee ni kwamba ndoto ya kuku unaiona ukiwa umelala, na hii unaiona macho yakiwa wazi, ndani ya chumba halisi, na kwa hiyo unaapa.

Viapo hivyo Kanda ya Ziwa vimegharimu watu. Vikongwe wa Usukumani wameuawa kwa kuitwa wachawi, na wekundu wa macho uliotokana na miaka ya kupikia kuni na samadi jikoni umetumika kama kielelezo. Sisemi kila shutuma ilianzia kitandani kwa mtu aliyekabwa. Nasema simulizi ya "nimemwona kwa macho yangu, alinikalia" ni aina ya ushahidi ambao baraza la wazee au kikao cha familia hakipaswi kuupokea hata kwa dakika moja, na sasa tunajua kwa nini. Sheria yetu ya Uchawi, ambayo imefanya kumtaja mtu kuwa mchawi kuwa kosa, ni ya mwaka 1928. Mwaka huohuo daktari wa neva wa London, Kinnier Wilson, aliandika juu ya hali hii na kuiita kupooza kwa usingizi. Hawakuwa wanasomana, lakini laiti wangesomana.

Najua jibu la wengi: nilipotaja jina la Mungu nikaachiwa. Siwezi kumbishia mtu alichokipitia, na sina sababu ya kumzuia kusali. Ila angalia muda. Kukabwa hudumu sekunde kadhaa hadi dakika chache, kisha kunaisha kwenyewe, ama kwa kuamka kabisa au kwa kurudi usingizini. Chochote utakachokuwa unafanya mwishoni ndicho kitakachopewa sifa, iwe ni aya, jina la Yesu au tusi zito la Kisukuma. Kuna jambo moja zaidi, na hili ni la upande wa wanaosali: maneno unayoyajua kwa moyo, ukiyasema kimoyomoyo bila haraka, yanakutuliza, na utulivu hapa ni tiba kwelikweli.

Kwa nini utulivu? Mtafiti Baland Jalal, pamoja na wenzake, alilinganisha watu wa Misri na wa Denmaki. Wamisri, ambao karibu nusu yao katika utafiti mmoja walisema aliyewakaba ni jini, walikabwa mara nyingi zaidi, kwa muda mrefu zaidi, na wakiogopa zaidi kwamba watakufa. Tafsiri yake, na mimi nakubaliana nayo, ni kwamba imani ya kutisha inachochea hofu, hofu inaamsha mwili, na mwili ulioamshwa nusunusu katikati ya usingizi ndio mazingira yenyewe ya kukabwa. Anayeogopa kulala analala vibaya, na anayelala vibaya anakabwa. Aliyemwambia kijana wetu kwamba bibi amemfuata hadi chumba kipya alimwongezea ugonjwa.

Ukikabwa, jambo la kwanza ni kuacha kushindana. Kulazimisha mwili mzima uinuke, au kulazimisha pumzi kubwa, ndiko kunakoleta hisia ya kunyongwa. Acha pumzi iende inavyokwenda, jikumbushe kwamba kiwambo kinafanya kazi, funga macho kama sura zinakusumbua, na elekeza nguvu zako kwenye kitu kidogo: ncha ya kidole cha mguu au ulimi. Anayelala nawe naye ana kazi. Akisikia unaguna guno la kubanwa au akiona macho yanazunguka huku mwili umekauka, akushike bega na kukuita jina. Mguso mara nyingi hukata kipindi hapo hapo. Asikumwagie maji wala kukukalia akidhani anamtoa jini, maana hapo utakuwa na wawili kifuani.

Kwa mvuvi, ushauri wa "lala mapema" ni dhihaka. Hawezi kuuhamisha mwezi. Anachoweza ni kuulinda usingizi wa asubuhi uwe mmoja: simu izimwe, na suala la betri limalizwe na tajiri kabla ya kuondoka mwaloni. Blanketi zito litundikwe dirishani. Alale ubavu. Kijana wetu alishona mfuko kwenye mgongo wa fulana yake na kuweka ndani yake chelezo mbili za wavu, ili akigeuka chali zimchome. Nilicheka, lakini ni njia nzuri kuliko nyingi nilizozisikia. Na akiamshwa katikati, ni afadhali aamke kabisa, akanawe uso na akae kidogo, kuliko kujirusha tena kitandani usingizi ukiwa bado unamning'inia. Hakuna kati ya haya kinachomaliza tatizo. Katika siku za giza, akikabwa mara moja badala ya mara tatu, hayo ni mafanikio.

Wavuvi hawako peke yao. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikadiria kwamba katika jamii kwa jumla watu wapatao 8 kati ya 100 wamewahi kukabwa angalau mara moja, lakini miongoni mwa wanafunzi walifika 28 kati ya 100. Anayewajua wanafunzi wa vyuo wakati wa mitihani, pale Nyegezi au kwingineko, hatashangaa. Manesi na walinzi wa zamu za usiku wana sababu zilezile.

Yapo mambo ambayo hayafai kuachwa kwenye maelezo ya usingizi. Mkono au mguu wa upande mmoja ukibaki dhaifu baada ya kuamka kabisa, au mdomo ukapinda, hicho huenda ni kiharusi na mtu awahishwe hospitali muda huohuo. Kutikisika mwili, kujing'ata ulimi na kujikojolea ni dalili za kifafa. Anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini achunguzwe kwa tatizo la koo kuziba. Na yupo yule anayekabwa mara kwa mara huku mchana anaangushwa na usingizi katikati ya mazungumzo, na akicheka sana magoti yanalegea hadi anakaa chini. Huyo anaweza kuwa na ugonjwa ambao ubongo umepoteza seli zinazotengeneza kemikali ya kushikilia mtu awe macho, na mbele ya daktari wa neva kulegea kwa kicheko ni jambo la kulitaja kwanza. Wengi hawalitaji kwa sababu hawaoni linahusianaje na kukabwa.

Kijana wetu hakuwa na hayo. Alichokuwa nacho ni ubishi. Akasema, sawa kaka, mimi navua, lakini dada yangu yuko Sengerema, halali ziwani, na anakabwa vilevile. Nikamuuliza dada ana mtoto mchanga? Anaye, wa miezi miwili. Anaamka kumnyonyesha saa 6, saa 8, saa 10 usiku, na katikati anajilaza. Akanyamaza kidogo, kisha akatoa karata yake ya mwisho: hata mama yao alikuwa akikabwa, tangu wangali wadogo, na ndiyo maana nyumbani wanaamini ni jini la ukoo.

Hilo nalo lina jibu. Utafiti wa mapacha wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015 ulipima ni kwa kiasi gani hali hii hurithiwa, na ukakadiria kuwa takriban nusu ya tofauti kati ya mtu na mtu inatokana na kurithi. Nusu nyingine ni maisha yenyewe, na kwa wale mapacha usingizi mbovu ulijitokeza miongoni mwa yanayohusiana nayo. Kwa hiyo ndiyo, linakwenda kwa ukoo, kama urefu unavyokwenda kwa ukoo. Aliniuliza kama basi na mwanawe atakabwa. Nikamwambia huenda, na kwamba ingemsaidia sana mtoto akiambiwa mapema ni kitu gani, kabla hajaambiwa ni nani.